Kufungua Mabano na Kutafuta Vigawo: Fuata Vipande Vinne

Karatasi ya mazoezi ya aljebra kwa anayeanza huwa imekatwa katika sehemu. Ya kwanza inataka ufungue mabano. Ya pili inataka utoe kigawo cha pamoja. Halafu inakuja tofauti ya miraba miwili, halafu kupanga kwa makundi, na mwishoni mitajo yenye x² na x na namba tupu. Mwanafunzi akizipokea hivyo hudhani ana kanuni tano za kukariri, zisizojuana. Siku ya mtihani swali likija bila kichwa cha sehemu, hajui aanzie wapi.

Kwa kweli jambo ni moja. Ukizidisha mabano mawili, kila moja likiwa na vipande viwili, unapata vipande vinne. Kutafuta vigawo ni kuvitambua vile vinne na kuvirudisha mahali pake. Ugumu unatokana na kwamba mara nyingi viwili kati ya vinne vimeunganishwa kikawa kimoja, au vimefutana kabisa, kwa hiyo jicho halivioni.

Tuanze na namba, maana hapo hakuna anayebisha. Kuzidisha 23 kwa 14 ni sawa na kuzidisha (20 + 3) kwa (10 + 4). Chora mstatili wenye urefu wa 23 na upana wa 14. Ukate urefu wake penye 20 na upana wake penye 10. Mstatili unagawanyika kuwa vyumba vinne: 20 × 10 ni 200, 20 × 4 ni 80, 3 × 10 ni 30, na 3 × 4 ni 12. Jumla yake ni 322, na ndilo zao la 23 na 14. Ukisahau chumba kimoja, eneo halitimii.

Sasa weka x mahali pa 20:

(x + 3)(x + 4) = x² + 4x + 3x + 12

Vyumba ni vilevile vinne. Kilichobadilika ni kwamba 4x na 3x vinafanana, kwa hiyo tunavijumlisha na kuandika x² + 7x + 12. Hatua hiyo ya kujumlisha ndiyo inayoficha njia tuliyopita. Aliyeshika 7x mkononi haoni tena kwamba ilikuwa 4x na 3x. Ndiyo maana ninawasihi wanaoanza waandike mstari wenye vipande vinne kila wanapofungua mabano, hata kama wanaweza kuuruka. Mstari huo watauhitaji watakaporudi.

Kosa linaloonekana sana kwenye sehemu hii ni (x + 3)² kuandikwa x² + 9. Hapo vyumba viwili vya pembeni vimeachwa. Kipeo cha pili kinasema zidisha (x + 3) kwa (x + 3), na vipande vinne ni x², 3x, 3x na 9, yaani x² + 6x + 9. Njia ya kujikagua ni kuweka namba mahali pa x pande zote mbili. Kwa x = 2, upande wa kushoto ni 5 × 5, yaani 25. Kwa x² + 9 unapata 13. Havilingani, kwa hiyo jibu limekosewa. Usijaribu kwa sifuri, kwa sababu sifuri inafuta kila kipande chenye x na kuficha kosa: hapa pande zote zingetoa 9 na ungeridhika bure. Namba 1 nayo si shahidi mzuri, kwa kuwa haitofautishi x na x². Chukua 2, 3 au 10.

Alama ya kutoa mbele ya mabano nayo inahitaji utulivu. Katika −2(x − 7), kinachozidishwa ni −2 pamoja na alama yake, na kinagusa kila kipande kilichomo ndani. −2 mara x ni −2x. −2 mara −7 ni +14. Jibu ni −2x + 14. Anayeandika −2x − 14 ameibeba hasi hadi kipande cha pili bila kuangalia kwamba kipande hicho kina hasi yake. Weka x = 10: ndani ya mabano kuna 3, mara −2 ni −6. Kisha −20 + 14 ni −6, lakini −20 − 14 ni −34. Nalikazia hili kwa sababu litarudi kwenye makundi, na hapo ndipo wengi wanapokwama wakidhani hawajaelewa makundi, kumbe ni hasi hii hii.

Kurudi nyuma: kigawo cha pamoja

Chukua 6ab + 9a. Kigawo kikubwa cha shirika cha 6 na 9 ni 3, kama tulivyojifunza shule ya msingi, na herufi a imo katika vipande vyote viwili. Kwa hiyo 3a inatoka nje. Ndani kinabaki kile ambacho ukikizidisha kwa 3a unapata ulichokuwa nacho: 2b kwa kipande cha kwanza, 3 kwa cha pili.

6ab + 9a = 3a(2b + 3)

Aliyeandika 3(2ab + 3a) hajakosea hesabu, ila hajamaliza kazi. Anajuaje? Aangalie ndani ya mabano: a bado imo katika vipande vyote. Ndani pakiwa bado pana kitu cha pamoja, mkono haujafika mwisho.

Na kuna jambo dogo linalopoteza alama nyingi. Katika 5x² + 5x, kigawo cha pamoja ni 5x, yaani kipande cha pili chote. Wengine hukiondoa na kuandika 5x(x), kana kwamba kilichotolewa hakiachi kitu. Lakini 5x ni 5x mara 1. Ile 1 inabaki: 5x(x + 1).

Makundi, na jaribio la mazao mawili

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu ukiielewa sehemu hii nyingine zote zinajipanga zenyewe nyuma yake. Swali linakuja hivi:

ab + 2a + 3b + 6

Hakuna kitu kilichomo katika vipande vyote vinne. Lakini vipande ni vinne, na hiyo pekee ni dalili kwamba huenda tunatazama vyumba vinne vya mstatili ambavyo bado havijaunganishwa. Vigawanye viwiliviwili. Viwili vya kwanza vina a kwa pamoja, viwili vya mwisho vina 3:

a(b + 2) + 3(b + 2)

Sasa tazama. Tulikuwa na vipande vinne, tumebaki na viwili tu: a(b + 2) ni kimoja, 3(b + 2) ni cha pili. Na vyote viwili vina (b + 2). Hiki ndicho kigawo cha pamoja, isipokuwa safari hii kigawo chenyewe ni mabano mazima. Anayepata shida kulikubali hili aandike B mahali pa (b + 2). Atapata aB + 3B, ambayo hana shaka kwamba ni B(a + 3). Kisha arudishe B kuwa ilivyokuwa:

(b + 2)(a + 3)

Wengine huishia kwenye a(b + 2) + 3(b + 2) na kulipigia mstari kama jibu. Jiulize: nikiwa na namba, hesabu ya mwisho nitakayofanya kwenye mstari huu ni ipi? Nitazidisha hapa, nitazidisha pale, halafu mwishoni nitajumlisha. Basi huo bado ni mtajo wa kujumlisha. Vigawo vimekamilika pale hesabu ya mwisho inapokuwa kuzidisha.

Mwandishi wa swali akitaka kukusumbua kidogo, atachanganya mpangilio: ab + 6 + 2a + 3b. Ukichukua ab na 6 pamoja, hawana kitu cha kushirikiana, na mwanafunzi hukata tamaa na kuandika kwamba haiwezekani. Kabla ya kukata tamaa, fanya jaribio moja rahisi. Rudi kwenye mstatili. Vyumba vya (p + q)(r + s) ni pr, ps, qr na qs. Zidisha chumba cha kona moja kwa chumba cha kona inayokikabili: pr mara qs ni pqrs. Zidisha kona mbili zilizobaki: ps mara qr ni pqrs. Mazao yanalingana, na yatalingana siku zote, kwa sababu kila upande unazidisha herufi zilezile nne.

Kwa hiyo ukipewa vipande vinne, tafuta namna ya kuvigawa katika jozi mbili ili zao la jozi moja lilingane na zao la nyingine. Kwa swali letu, ab mara 6 ni 6ab, na 2a mara 3b ni 6ab. Zimelingana. Maana yake ab na 6 ni kona zinazokabiliana, hazipaswi kuwekwa kundi moja. Weka ab na 2a, kisha 3b na 6, au ab na 3b, kisha 2a na 6. Njia zote mbili zinafika palepale. Na ukipewa xy + 2x + 3y + 5, xy mara 5 ni 5xy lakini 2x mara 3y ni 6xy, na ukijaribu jozi nyingine hazilingani pia. Usipoteze dakika kumi kuvihangaikia: havitoki katika mabano mawili ya namna hii.

Tuweke hasi sasa:

6xy − 4x − 9y + 6

Jaribio kwanza: 6xy mara 6 ni 36xy, na −4x mara −9y ni 36xy. Vizuri, inawezekana. Kundi la kwanza linatoa 2x(3y − 2). Kundi la pili ni −9y + 6. Ukitoa 3 unapata 3(−3y + 2), na mabano yake hayafanani na (3y − 2): alama zimegeuka zote mbili. Hiyo ni ishara kwamba ulipaswa kutoa −3. −9y kugawanya kwa −3 ni 3y, na 6 kugawanya kwa −3 ni −2.

2x(3y − 2) − 3(3y − 2) = (3y − 2)(2x − 3)

Kosa la hapa ni kuweka mabano kwa haraka hivi: (6xy − 4x) − (9y + 6). Alama ya kutoa mbele ya mabano inageuza kila kilichomo ndani, kwa hiyo mstari huo ukiufungua unakuta −6 mahali ambapo swali lina +6. Utalijua kosa hili kwa sababu kundi la pili litakupa (3y + 2) na la kwanza (3y − 2). Mabano mawili yakikaribia kufanana lakini yakatofautiana alama moja tu, usilazimishe. Rudi uangalie ile hasi.

Vipande vilivyounganishwa

Sasa x² + 7x + 12 haitishi tena. Tunajua 7x ni vipande viwili vilivyojumlishwa, na jaribio la mazao linatuambia ni vipi. Kona mbili zinazoonekana ni x² na 12, zao lake 12x². Kwa hiyo kona mbili zilizofichwa lazima zao lake liwe 12x² na jumla yake 7x. Namba mbili zenye zao 12 na jumla 7 ni 3 na 4. Vipasue tena:

x² + 3x + 4x + 12 = x(x + 3) + 4(x + 3) = (x + 3)(x + 4)

Ile kanuni ya “tafuta namba mbili zenye zao hili na jumla ile” ambayo wanafunzi huikariri bila kuambiwa ilikotoka, imetoka hapa. Na uzuri wa kujua chanzo chake ni kwamba haikwami pale mbele ya x² panapokuwa na namba. Kwa 6x² + 11x + 4, kona zinazoonekana ni 6x² na 4, zao 24x². Tunataka zao 24 na jumla 11: ni 3 na 8.

6x² + 3x + 8x + 4 = 3x(2x + 1) + 4(2x + 1) = (2x + 1)(3x + 4)

Aliyekariri kanuni bila chanzo hutafuta zao la 4, akiacha ile 6 nje. Anapata 1 na 4, au 2 na 2, na hakuna jozi inayotoa 11.

Vipande vilivyofutana

Tofauti ya miraba miwili huja na vipande viwili tu, mfano 4x² − 25. Mwanafunzi anauliza vingine viwili viko wapi. Viliwahi kuwapo, vikafutana. Kona zinazoonekana ni 4x² na −25, zao −100x². Kona zilizofichwa zina zao −100x² na jumla sifuri, kwa kuwa katikati hapana kitu. Vitu viwili vyenye jumla sifuri ni kimoja na hasi yake: 10x na −10x. Virudishe:

4x² + 10x − 10x − 25 = 2x(2x + 5) − 5(2x + 5) = (2x + 5)(2x − 5)

Ukishaiona mara moja huhitaji kuandika mistari hii kila swali. Unachukua kipeuo cha pili cha kila upande, 2x na 5, ukaandika mabano moja kwa kujumlisha na jingine kwa kutoa. Lakini njia ndefu inajibu swali ambalo njia fupi hailijibu: kwa nini x² + 9 haikubali? Kona zinazoonekana zina zao 9x², ambalo ni chanya. Zilizofichwa zinapaswa kuwa kitu na hasi yake, na zao la kitu na hasi yake haliwi chanya kamwe. Basi haiwezekani kwa namba tunazotumia kwenye karatasi hii. Anayeandika (x + 3)(x + 3) au (x + 3)(x − 3) afungue mabano yake aone.

Angalia pia kigawo cha pamoja kabla ya yote. 2x² − 50 haionekani kuwa tofauti ya miraba, kwa kuwa 2 na 50 hazina vipeuo kamili. Toa 2 kwanza: 2(x² − 25), kisha 2(x + 5)(x − 5). Na x⁴ − 16 inakuwa (x² + 4)(x² − 4), ambapo mabano ya pili bado ni tofauti ya miraba na yanaendelea hadi (x + 2)(x − 2), huku x² + 4 ikibaki ilivyo.

Njia hii hii ya tofauti ya miraba ndiyo mwanahisabati Pierre de Fermat wa Ufaransa aliyoitumia mwaka 1643 kutafuta vigawo vya namba 2027651281. Alifikiri hivi: nikiweza kuiandika kama mraba mmoja kutoa mwingine, vigawo vyake vimepatikana. Namba ndogo kabisa ambayo mraba wake unaizidi ni 45030. Unachukua mraba wa 45030, unatoa ile namba, unabaki na 49619, ambayo si mraba kamili. Unapanda hadi 45031, kisha 45032, na kuendelea. Ukifika 45041 unabaki na 1040400, ambayo ni 1020 kipeo cha pili. Kwa hiyo vigawo ni 45041 + 1020 na 45041 − 1020, yaani 46061 na 44021. Kwa kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine ungehitaji maelfu ya majaribio. Hapa yalitosha kumi na mawili.

Nimalizie na swali ambalo huwekwa chini kabisa ya karatasi, linalochanganya makundi na miraba:

x² − y² + 3x − 3y

Lina vipande vinne, kwa hiyo unafanya jaribio la mazao. Zidisha jozi zozote utakazo: hazilingani. Ungefuata nililosema juu ya xy + 2x + 3y + 5, ungeandika kwamba haiwezekani. Lakini jaribio lile linahusu vipande vinne ambavyo ni vyumba vyote vya mstatili, na hapa sivyo. Viwili vya kwanza peke yake ni tofauti ya miraba, yaani tayari kuna vipande vilivyofutana ndani yake. Ndiyo maana kila unapoona mraba kutoa mraba katikati ya mtajo mrefu, ushughulikie huo kwanza:

(x + y)(x − y) + 3(x − y) = (x − y)(x + y + 3)

Ukifungua mabano haya unapata vipande sita: x², xy, 3x, −xy, −y² na −3y. xy na −xy vinafutana, vinabaki vinne vya swali. Jaribio halikudanganya. Liliulizwa juu ya mstatili wa vyumba vinne wakati ulikuwa wa vyumba sita.